Jibu la kwanza, chaguo lililokosewa au kura: kipi kinakuonyesha mada dhaifu?

Video ya somo yenye maswali na kura ndani yake huacha data ya namna tatu. Ya kwanza ni asilimia ya waliopata kila swali. Ya pili ni mgawanyo wa majibu, yaani wangapi walichagua A, wangapi B, na kuendelea. Ya tatu ni kura, pale mwanafunzi anapoulizwa anajionaje kuhusu mada. Walimu wengi hufungua ile ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo mfumo unayoitandaza juu kabisa ya ripoti, kisha wanarekodi upya somo zima au wanaliacha lilivyo. Hapa tunaziweka zote tatu juu ya somo moja ili ionekane kila moja inaona nini na inapofushwa na nini.

Somo letu la mfano ni video ya dakika 12 kuhusu ukinzani katika saketi za umeme. Swali la 1 linatokea dakika ya 3:10: vikinza viwili vya omu 6 vimeunganishwa mfululizo, jumla ya ukinzani ni ngapi? Jibu ni omu 12. Swali la 2 linatokea dakika ya 6:40: vikinza vilevile viwili, safari hii vimeunganishwa sambamba. Jibu ni omu 3. Swali la 3, dakika ya 10:30, linachanganya mfululizo na sambamba katika saketi moja. Sekunde kumi kabla ya swali la 2 kuna kura. Wanafunzi walioanza video ni 80.

Kabla ya kulinganisha: jaribio la kwanza, si alama ya mwisho

Maswali ya ndani ya video mara nyingi humruhusu mwanafunzi kurudia mpaka apate. Hilo ni jema kwa kujifunza, lakini linaua data ukisoma alama ya mwisho. Katika somo letu, alama ya mwisho ya swali la 2 inasema waliopata ni 70 kati ya 72, sawa na asilimia 97. Ukiishia hapo, mada ya saketi sambamba imeeleweka vizuri kuliko zote. Ukichukua jaribio la kwanza pekee, waliopata ni 31 kati ya 72, asilimia 43. Tofauti hiyo yote imetokana na kubonyeza chaguo jingine baada ya kuona alama nyekundu. Swali lenye machaguo manne haliwezi kumchukua mtu zaidi ya majaribio manne hata kama hajui chochote.

Kwa hiyo pakua data ghafi, ile yenye mstari mmoja kwa kila jibu, badala ya ripoti iliyokwisha kujumlishwa. Mfumo unaotumia xAPI, kiwango cha kurekodi shughuli za kujifunza, huandika kila jibu kama tamko lenye kitenzi `answered`, na ndani yake vipande viwili ndivyo unavyovihitaji zaidi:

```json
"result": {
  "response": "0",
  "success": false
}
```

`success` inakuambia kapata au kakosa. `response` inakuambia alichagua nini, na mara nyingi huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo "0" ni chaguo A. Mifumo mingine hutumia SCORM, kiwango cha zamani zaidi cha kazi hiyohiyo. Katika SCORM 1.2 jibu lenyewe liko kwenye `student_response` na kukosa huandikwa `wrong`. SCORM 2004 hutumia `learner_response` na `incorrect`. Kama faili lako limechanganya masomo ya matoleo yote mawili, ukichuja kwa neno moja tu utapoteza makosa ya upande mmoja bila kujua.

Kabla ya kuziamini namba hizo, ingia kwa akaunti ya majaribio, jibu A, kisha B, kisha C, na utazame kilichoandikwa. Dakika tano hizo hukuonyesha kama namba zinafuata mpangilio wako wa awali au ule uliochanganywa kwa kila mwanafunzi. Bila kujua hilo, mgawanyo wa machaguo hauna maana yoyote.

Kwenye lahajedwali, panga mistari kwa muda kuanzia wa zamani. Kama mwanafunzi yuko safu A na swali liko safu B, weka fomula hii kwenye safu tupu kuanzia mstari wa 2 kisha ivute hadi chini:

```
=COUNTIFS(A$2:A2,A2,B$2:B2,B2)
```

Chuja mistari yenye 1 pekee. Hayo ndiyo majaribio ya kwanza, na kila kinachofuata hapa kinatokana nayo.

Asilimia ya waliopata: inaona mahali, haioni sababu

Swali la 1 lilijibiwa na 76, wakapata 65: asilimia 86. Swali la 2, asilimia 43. Swali la 3 lilijibiwa na 48, wakapata 29: asilimia 60.

Nguvu ya kipimo hiki ni wepesi wake. Ukiwa na video 40, hakuna njia nyingine itakayokuonyesha kwa mtazamo mmoja mahali pa kuanzia. Lakini kina mitego miwili, na wa kwanza umo ndani ya namba hizi hizi.

Mtego wa kwanza ni idadi ya waliojibu. Ukizisoma harakaharaka, unaona wanafunzi waliyumba kwenye swali la 2 kisha wakainuka kwenye swali la 3, kana kwamba somo liliwainua lenyewe. Tazama waliojibu: 76, 72, 48. Wanafunzi 24 waliojibu swali la 2 hawakufika la 3. Chukua wale 48 waliojibu yote mawili uone walivyofanya kwenye swali la 2: walipata 28, asilimia 58. Yaani kwa watu walewale, swali la 2 na la 3 yana ugumu karibu sawa. Asilimia ilipanda kwa sababu waliokwama wameondoka. Na hapo kuna habari nzito zaidi: waliopata swali la 2 kwa jumla walikuwa 31, na 28 wao waliendelea. Kwa hiyo kati ya 24 walioacha, 3 tu ndio walikuwa wamelipata na 21 walilikosa. Dakika ya 6:40 ndipo somo lilipowapoteza watu. Hilo huwezi kuliona kwenye safu ya asilimia, hata ukiitazama mara kumi.

Kanuni inayotoka hapo ni rahisi: unapolinganisha maswali mawili ya video moja, linganisha wale waliojibu yote mawili tu, na weka idadi yao pembeni ya asilimia. Wapo pia wanaoruka mbele wakalipita swali bila kulijibu. Hao si waliokosa, na wasihesabiwe hivyo.

Mtego wa pili ni udogo wa kundi. Ukiwa na majibu 25 na asilimia 50, ukweli unaweza kuyumba takriban pointi 20 juu au chini. Kwa majibu 100 ni kama pointi 10. Katika mfano wetu, 86 na 43 ni tofauti ya kweli. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 20 anayeona asilimia 55 kwenye swali moja na 65 kwenye jingine anaona tofauti ya watu wawili. Asihangaike kupanga mada kwa daraja kwa tofauti hiyo.

Mgawanyo wa machaguo: unaona kosa lenyewe

Rudi kwenye swali la 2. Machaguo yake manne, na waliyoyachagua katika jaribio la kwanza:

| Chaguo | Waliochagua | Njia inayofikisha hapo |
|---|---|---|
| A. Omu 12 | 27 | Wamejumlisha 6 na 6 kama saketi ya mfululizo |
| B. Omu 3 | 31 | Sahihi |
| C. Omu 0.33 | 11 | Wamepata 1/6 + 1/6 = 1/3, wakasahau kugeuza |
| D. Omu 36 | 3 | Wamezidisha 6 kwa 6 |

Waliokosa ni 41, lakini si kundi moja. Wale 27 wa chaguo A hawajaona kwamba saketi sambamba inaupa mkondo njia ya ziada, na kwamba njia ikiongezeka ukinzani wa jumla hupungua. Kwao, vikinza viwili ni ukinzani mkubwa kuliko kimoja, basi. Wale 11 wa chaguo C wanaijua kanuni, wameiandika vizuri, wameishia hatua moja kabla ya mwisho. Ukiwarudisha hao 11 kutazama upya maelezo ya mkondo unawachosha bure. Na ukiwapa wale 27 mazoezi zaidi ya kugeuza sehemu, watageuza sehemu vizuri na bado watajumlisha 6 na 6.

Marekebisho basi ni mawili na mafupi. Kwa A, sekunde chache zinazoonyesha kikinza kimoja cha omu 6, kisha cha pili kikiwekwa pembeni yake na mkondo kutoka kwenye betri ukiongezeka maradufu, pamoja na jambo la kujikagua: ukinzani wa saketi sambamba lazima uwe mdogo kuliko kikinza kidogo kuliko vyote. Mwanafunzi aliyelishika hilo akiona 12 anajua hapohapo amekosea. Kwa C, mstari mmoja ubaoni: 1/R = 1/3, kwa hiyo R = 3, na neno la kumkumbusha kwamba alichokitafuta ni R. Jambo la kujikagua halitamsaidia huyu, kwa kuwa 0.33 nayo ni ndogo kuliko 6.

Mgawanyo huu pia hukutenganishia kutojua na kujua vibaya. Waliokosa wakitawanyika karibu sawa katika machaguo yote matatu mabaya, wengi wanabahatisha: mada haijawaingia kabisa, au swali halikueleweka. Wakirundikana kwenye chaguo moja, kama hapa ambapo 27 kati ya 41 wako A, kuna dhana moja potofu wanayoishiriki. Chanzo chake mara nyingi kiko ndani ya somo lenyewe. Dakika tatu na nusu kabla, 12 ilikuwa jibu sahihi la vikinza vilevile.

Udhaifu wake ni kwamba unategemea machaguo yalivyotungwa. Kama aliyeandika swali angeweka 12, 3, 50 na 100, wale 11 waliosahau kugeuza wasingeliona jibu lao. Wangebahatisha, na data ingewaficha. Kwa hiyo kabla ya kusoma mgawanyo, fanya swali mwenyewe kwa kila njia mbaya unayoijua uone kama matokeo yake yamo kwenye machaguo. Chaguo ambalo hakuna njia ya kulifikia halikupi habari yoyote. Maswali ya kweli au si kweli yako pabaya zaidi: aliyebahatisha hupata nusu ya mara, na aliyekosa hakuachii dalili ya alikopotelea.

Kura: inaona kujiamini, haioni kujua

Kura ya dakika ya 6:30 iliuliza: "Ukipewa saketi sambamba sasa hivi, unaweza kutafuta ukinzani wake?" Waliosema "Naweza" ni 44, waliosema "Bado sina uhakika" ni 28. Ukiisoma peke yake, asilimia 61 wako sawa na somo linaweza kusonga. Iunganishe na swali la 2 kwa kutumia kitambulisho cha mwanafunzi, na picha inageuka:

| Kura | A (12) | B (3) | C (0.33) | D (36) |
|---|---|---|---|---|
| Naweza, 44 | 19 | 22 | 3 | 0 |
| Bado sina uhakika, 28 | 8 | 9 | 8 | 3 |

Nusu kamili ya waliojiamini wamekosa, na 19 kati ya hao 22 wamechagua 12. Upande wa wasio na uhakika, makosa yametawanyika: 8, 8 na 3. Hili ndilo jambo ambalo kura pekee ndiyo inayoweza kukupa, mradi isisomwe pekee. Asiye na uhakika atarudia video mwenyewe, atauliza, atafungua kiungo cha mazoezi. Anayejiamini na amekosa hatafanya lolote, kwa sababu haoni tatizo. Hao 22 hawatafikiwa na marejeo ya hiari. Wanahitaji swali litakalowagonganisha na kosa lao, na mrejesho wa chaguo A uandikwe kwa ajili yao: "Umejumlisha kama saketi ya mfululizo. Je, 12 ni ndogo kuliko 6?" Neno "Si sahihi, jaribu tena" linawapeleka tu kwenye chaguo linalofuata.

Upande wa pili, wale 9 waliopata bila kujiamini wasihesabiwe haraka kuwa wameelewa. Kwa machaguo manne, robo ya wanaobahatisha hupata, kwa hiyo katika watu 28 unaweza kutarajia kama 7 kwa bahati tu.

Maneno ya kura yana uzito. "Umeelewa?" hujibiwa ndiyo na karibu kila mtu, kwa sababu maelezo laini ya mwalimu hutoa hisia ya kuelewa hata pasipo uwezo wa kufanya. Uliza kuhusu kazi mahususi, kama ile ya kutafuta ukinzani. Na iweke kura kabla ya swali. Ikija baada ya mrejesho, mwanafunzi atapigia kura alama aliyoiona hivi punde, na utakuwa umepima kitu kilekile mara mbili. Jambo jingine la kukagua mapema: baadhi ya zana huhifadhi kura kwa jumla tu, bila majina wala vitambulisho. Hapo kura haiwezi kuunganishwa na jibu, na thamani yake inabaki ndogo. Ukikuta hali hiyo, andika kura kama swali la kawaida la machaguo mawili ambayo yote yanapokelewa kuwa sahihi, na uliondoe kwenye hesabu ya alama.

Mada dhaifu au swali bovu?

Vipimo vyote vitatu vinaweza kukuonyesha mada iliyo salama kabisa kana kwamba ni dhaifu, ikiwa swali lenyewe ndilo lina kasoro. Chukua theluthi ya juu ya wanafunzi kwa alama za mtihani wa mwisho wa kozi, na uwatazame kwenye swali lenye shaka. Mada ngumu huwaangusha zaidi walio chini. Swali bovu huwaangusha wote sawa, au hata walio juu zaidi. Ukikuta wanafunzi bora wamerundikana kwenye chaguo moja "lisilo sahihi", fungua kwanza ufunguo wa majibu.

Kasoro ya pili ni ya muda, na ndiyo inayopita bila kuonekana. Mtu anakata sekunde 25 za utangulizi wa video na kupakia toleo jipya, lakini maswali yanabaki kwenye dakika zao za zamani. Sasa kila swali linachelewa kwa sekunde 25. Ikitokea kinyume, utangulizi umeongezwa, swali linachomoza kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Dalili ni kwamba asilimia ya maswali kadhaa ya video moja inashuka kuanzia tarehe moja. Kwa hiyo gawanya data kwa tarehe ya kupakiwa kwa video kabla ya kulaumu mada. Kinyume chake kipo pia: swali lenye asilimia 98 huku fremu iliyosimama nyuma yake inaonyesha jibu ubaoni.

Na hata swali zima, lisilo na kasoro, likija sekunde kumi baada ya maelezo hupima kama mtu alikuwa anasikiliza. Likirudi katika somo linalofuata kwa namba tofauti, tuseme vikinza vya omu 4 na omu 12 ambavyo jibu lake ni omu 3, ndipo linapima kama kilibaki kitu. Mada yenye asilimia 86 ndani ya video na 50 siku chache baadaye ni dhaifu, ingawa ripoti ya video haitaitaja.

Uchague kipi

Ukiwa na video nyingi na saa moja tu, anza na asilimia ya jaribio la kwanza pamoja na idadi ya waliojibu, uchague maswali matatu au manne ya chini. Usirekebishe chochote kwa namba hizo peke yake.

Ukiwa tayari kurekebisha somo, soma mgawanyo wa machaguo. Kama data yako inakulazimisha kuchagua kimoja, chagua hiki: asilimia ya waliopata tayari imo ndani yake, na mgawanyo haupatikani kutoka kwenye asilimia. Kwa kundi la wanafunzi 15 au 20 ndicho pekee chenye faida, kwa sababu hata watu 6 walioangukia chaguo moja wanakuambia cha kusema darasani kesho.

Kura ongeza pale unapojua kwamba mada ina dhana potofu iliyozoeleka, na mfumo wako unahifadhi kitambulisho. Moja kwa kila video inatosha. Zikizidi, watu hubonyeza chaguo la kwanza ili video iendelee, na utaliona hilo kwenye muda wa kujibu: sekunde moja au mbili kwa kura inayohitaji kusomwa.

Katika somo letu la saketi, cha kufanya wiki hii ni kuandika upya mrejesho wa chaguo A na wa chaguo C, kuongeza mchoro wa kikinza cha pili kabla ya kura ya dakika ya 6:30, na kusogeza mbele kura, swali la 2 na swali la 3 kwa urefu wa mchoro huo. Kisha subiri kundi jipya lijibu, uhesabu A ngapi zimebaki na wangapi wamefika swali la 3.